Uchambuzi wa kisa: Friji ya chanjo iliyogandisha usiku, na agizo tuliloliandika wenyewe

Hii ni ripoti ya ziara moja ya usimamizi shirikishi niliyofanya kama muuguzi wa wilaya kwenye zahanati moja ya Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Jina la zahanati, kijiji na watumishi nimetoa, na baadhi ya vitu vidogo nimevibadilisha ili watu wasitambulike. Naiandika kwa ajili ya wenzangu walioko kwenye timu za halmashauri, na kwa wauguzi wa zahanati wanaotunza chanjo kwenye friji za gesi.

Zahanati yenyewe

Zahanati ina watumishi watatu: tabibu ambaye ndo mganga mfawidhi, muuguzi mkunga mmoja, na mhudumu wa afya mmoja ambaye amekaa pale muda mrefu kuliko wote na anaishi kwenye nyumba ya watumishi nyuma ya jengo. Umeme wa uhakika hakuna. Friji ya chanjo ni ya gesi, ile ya kusimama yenye mlango wa mbele na sehemu ya kugandishia aispaki, zile pakiti za maji ya barafu, juu kabisa. Joto lake unalipandisha na kulishusha kwa nobu inayoongeza au kupunguza moto, basi, hakuna kitu kingine kinachojirekebisha chenyewe humo ndani. Kliniki ya watoto ni kila Jumanne, na mara moja kwa mwezi wanaenda huduma ya mkoba kwenye kitongoji cha mbali.

Mwezi wa 4 timu yetu ilipita pale. Siku hiyo kipimajoto cha friji kilisoma nyuzi 10, wakati chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mtungi wa gesi ulikuwa unaelekea kuisha na moto ulikuwa hafifu. Tukaandika kwenye kitabu cha usimamizi: "Joto la friji liko juu mno, rekebisheni haraka", tukasaini, tukaondoka kwenda zahanati nyingine. Sentensi hiyo ishikilieni maana kisa chote kinairudia.

Ziara ninayoielezea hapa ni ya mwezi wa 7, na kwa asiyejua huku kwetu, Juni na Julai ni baridi ya kweli, usiku mtu analala na blanketi mbili na asubuhi majani yana umande unaokaribia barafu.

Siku ya ziara, kwa mfuatano

Nilifika saa 3 kasoro, kina mama 14 wako kwenye benchi na watoto wao. Niliamua nisianze kwa kufungua fomu ya usimamizi, nikae tu pembeni niangalie kliniki inavyokwenda, maana ukianza na maswali watu wanaanza kujibu mtihani badala ya kufanya kazi.

Kazi ilikuwa nzuri. Muuguzi anaosha mikono kati ya mtoto na mtoto, anampima uzito na kumwonyesha mama mstari kwenye kadi, sindano zinaingia kwenye boksi la usalama bila kurudishiwa kifuniko. Rejesta ya watoto imejazwa mpaka jina la kitongoji na namba ya simu ya mzazi au ya jirani. Wana daftari tofauti la watoto waliokosa tarehe zao, na kila Ijumaa mhudumu wa afya ngazi ya jamii analipitia na kwenda kuwatafuta. Zahanati nyingi ninazotembelea daftari hilo lipo ila ni jeupe, hili lilikuwa limechakaa kwa kutumika. Niliandika hilo kama nguvu yao ya kwanza, na baadaye mtaona lilitusaidia kuliko nilivyodhani.

Mtoto wa tatu alipomaliza kuchomwa nikaenda kwenye friji. Chati ya joto imebandikwa mlangoni, asubuhi na jioni kila siku, 4, 4.5, 3.5, 5, hakuna hata siku moja nje ya kiwango. Jumamosi na Jumapili zimejazwa pia. Nikamuuliza muuguzi, "Sista, wikiendi nani anasoma?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, wikiendi nikiwa sipo tunajaza Jumatatu, tunakadiria." Nilimshukuru kwa kusema kweli, tukaliacha hilo kwanza.

Ndani ya friji kuna kile kirekodi joto cha siku 30, kidude kidogo chenye kioo cha kusomea kinachohifadhi joto la chini na la juu la kila siku. Kilikuwa kinaonyesha alama ya alamu. Muuguzi akaniambia wanadhani betri inaisha, kililetwa na mgeni mmoja, kikawekwa, hakuna aliyewafundisha. Nikabonyeza kitufe cha kusomea historia, nikawa narudi nyuma siku moja moja. Ndani ya siku 16 zilizopita kulikuwa na alamu tano za baridi, zote usiku. Usiku mbaya kuliko wote joto lilishuka mpaka nyuzi 2.8 chini ya sifuri, likakaa chini kwa zaidi ya masaa manne. Alamu hii haitokei kwa kitu kidogo, mpaka joto liwe chini ya nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60 mfululizo.

Kwa hiyo chati ya mlangoni na kirekodi cha ndani vinasema vitu viwili tofauti, na watu wengi hapo wangeruka kusema namba zimepikwa. Za wikiendi, ndiyo, zilikadiriwa. Ila za siku za kazi zilikuwa za kweli kabisa. Muuguzi alikuwa anasoma kama saa 3 asubuhi, baada ya friji kufunguliwa mara mbili tatu na jua limeshapiga ukuta, na jioni anasoma saa 9 kabla ya kuondoka. Saa hizo friji iko nyuzi 4. Inagandisha kuanzia saa 8 usiku hadi alfajiri, wakati nje kuna baridi kali na moto wa gesi unawaka kwa nguvu ileile ya mchana. Hakuna mtu anayesoma kipimajoto saa 10 alfajiri, ndo maana kidude kile kiliwekwa.

Kitu cha pili ni mpangilio. Bechi ya penta iliyokuwa ikitumika, PCV ya nimonia na IPV, yaani polio ya sindano, zilikuwa shelfu ya juu kabisa, chini tu ya sehemu ya kugandishia, baadhi ya boksi zimegusa ukuta wa nyuma. Polio ya matone, BCG na surua-rubela ziko chini. Ni kinyume kabisa. Zile ambazo haziharibiwi na kuganda ndo zinatakiwa zikae karibu na barafu, na zinazoogopa kuganda zikae katikati na chini. Vimiminika vya kuchanganyia navyo visigande. Nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa la kawaida tu: penta ndo inatumika zaidi, wakaiweka mahali pa kufikia haraka.

Muuguzi akachukua chupa moja ya penta akanionyesha kile kiashiria cha joto kwenye lebo. "Lakini mama, zote bado nzima, angalia kimraba bado cheupe." Na kweli kilikuwa cheupe. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiashiria hicho kinakuambia kama chanjo imepata joto kupita kiasi, hakisemi chochote kuhusu kuganda. Chupa inaweza kuwa iliganda mara tano na kimraba kikabaki cheupe kama siku ya kwanza.

Maamuzi ya asubuhi ile na sababu zake

Benchi lina kina mama 11 waliobaki. Nilikaa na mganga mfawidhi na muuguzi chumba cha ndani, dakika kumi hivi.

Jambo la kwanza tulisimamisha penta, PCV, IPV na Td, ile ya pepopunda na dondakoo, mpaka tujue. Rota walikuwa wameishiwa tangu wiki iliyotangulia. Hatukuzitupa, tuliziweka kwenye mfuko ulioandikwa USITUMIE, kwenye friji ileile lakini shelfu ya katikati, nobu ya moto tumeishusha, maana ukishatupa huna tena kitu cha kupima. Surua-rubela, polio ya matone na BCG ziliendelea kutolewa. Watoto wanne walikuja kwa ajili ya surua tu, wakahudumiwa wakaondoka.

Jambo la pili lilileta mjadala. Tuwaambie nini hawa saba waliobaki? Muuguzi alipendekeza tuseme chanjo zimeisha. Namwelewa, alikuwa anaogopa kijiji kitasema zahanati inachoma watoto dawa mbovu. Mganga mfawidhi akasema tukidanganya leo, halafu wiki mbili baadaye tukaanza kuwaita watoto warudie dozi, tutaonekana waongo mara mbili, na kwa hilo nilikuwa upande wake. Akatoka yeye mwenyewe akawaeleza kina mama kwamba friji ilizidisha baridi usiku, tuna wasiwasi baadhi ya chanjo zimepungua nguvu, tunaleta nyingine kutoka kituo cha afya, anayeweza asubiri.

Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo mwanangu wiki iliyopita mlimchoma maji?" Kimya. Mganga akamjibu kwamba hajui bado, atajua ndani ya siku mbili tatu, na kama ni hivyo atapigiwa simu arudie bila gharama, na kwamba kurudia hakumdhuru mtoto. Yule mama alikaa chini. Sijui kama aliridhika, ila alikaa.

Jambo la tatu, kupata chanjo nzuri siku ileile. Kituo cha afya kiko kilomita 17. Tulipiga simu, wakafunga kibebeo cha chanjo, bodaboda akaenda kuleta kwa hela ya zahanati. Zilifika saa 7 mchana. Kina mama watano walisubiri, wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja alirudi Jumanne iliyofuata na mwingine mhudumu wa jamii alimfuata nyumbani.

Wakati tunasubiri bodaboda nikamwomba mhudumu anionyeshe wanavyofunga kibebeo cha mkoba. Akatoa aispaki kwenye sehemu ya kugandishia zikiwa jiwe, akazipanga ukutani mwa kibebeo moja kwa moja, akataka kuweka boksi katikati. Yaani hata friji ikirekebishwa chanjo zingeganda njiani kwenda kitongojini. Tukafanya pamoja: aispaki zinapangwa mezani, unaziacha mpaka ukizitikisa karibu na sikio unasikia maji yanacheza ndani, hapo ndo zinafaa. Kwa baridi ile ilichukua zaidi ya saa moja. Akasema sasa anaelewa kwa nini wakati mwingine chupa zinafika kitongojini "zimekufa ganzi".

Nani aligeuza nobu

Hili niliuliza mwisho na niliuliza taratibu. Nobu ilikuwa imezungushwa hadi mwisho. Mhudumu wa afya akasema ni yeye. Nikamuuliza lini. Akaniangalia, akasema kwa heshima kabisa, "Mama, si nyinyi mlituandikia mwezi wa 4 turekebishe haraka?" Akaenda kuleta kitabu cha usimamizi, akafungua ukurasa. Mwandiko ni wangu.

Walikuwa wamefanya nilichowaambia. Mtungi mpya ulipofungwa wakazungusha nobu mpaka mwisho ili wasiandikiwe tena. Mwezi wa 5 mchana ukiwa na joto friji ikawa nyuzi 4, kila mtu akafurahi, na mbele ya agizo letu pale kitabuni wameweka alama ya vyema: limetekelezwa. Juni ikaingia na baridi yake, hakuna aliyefikiria kupunguza moto, maana hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba friji ya gesi inatakiwa kufuatwa kila mtungi unapobadilishwa na kila majira yanapobadilika.

Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba kosa hilo ni letu. Sikusema hivyo kumfariji, ndivyo ilivyokuwa. Na nilirudia kuliandika kwenye kitabu kilekile, chini ya agizo la zamani, ili msimamizi atakayekuja baada yangu aone mlolongo mzima.

Jaribio la kutikisa chupa

Joto kushuka chini ya sifuri halimaanishi lazima kila chupa imeganda. Kimiminika kinaweza kupoa chini ya sifuri kwa muda kisigande, na chupa ya shelfu ya juu si sawa na ya katikati. Kwa hiyo nilibeba sampuli kutoka kila bechi na kila shelfu, ndani ya kibebeo chenye aispaki zilizoanza kuyeyuka, tukafanya jaribio ghala la chanjo la wilaya tukiwa na mratibu wa chanjo.

Unachukua chupa ya kulinganishia, lazima iwe ya chanjo ileile, kiwanda kilekile na bechi ileile. Unaiandika GANDISHWA kwa maka pen ili isije ikarudi kwenye matumizi. Unaigandisha makusudi kwenye friza usiku kucha mpaka iwe ngumu kabisa, kisha unaiacha iyeyuke yenyewe mezani, usiipashe moto. Halafu unashika hiyo na ile unayoishuku mkono mmoja, unatikisa kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, unaziweka kando kwa kando kwenye meza iliyo sawa na unaangalia hadi dakika 30. Iliyoganda inafanya mabonge madogo kama maziwa yaliyokatika, yanazama haraka na juu yanabaki maji maangavu. Nzima inabaki na ukungu uliolingana. Usiangalie rangi, linganisha kasi ya kuzama.

Bechi ya penta ya shelfu ya juu ilizama sambamba na chupa iliyogandishwa, dakika ya nane tofauti haikuwepo tena. PCV ya shelfu hiyohiyo vilevile. Bechi nyingine ya penta iliyokuwa katikati, pamoja na Td, zilibaki na ukungu mpaka mwisho, zikapita.

IPV hatukuijaribu. Jaribio hili linafanya kazi kwa chanjo zenye chumvi ya aluminiamu tu, ndo hiyo inayojikusanya na kuzama ikishaganda. IPV haina, kwa hiyo ingeonekana nzuri hata kama imeharibika. Mratibu aliamua iondolewe kwa kuwa ilikaa shelfu ileile iliyofeli. Ni vizuri kujua hilo maana nimeshaona mtu anatikisa IPV, anaona haina mabonge, anairudisha kwenye friji kwa amani.

Watoto waliokwisha chomwa

Sasa ile rejesta na leja ya chanjo. Leja ilionyesha bechi ya katikati haikuwa imefunguliwa bado, kwa hiyo kila mtoto aliyepata penta au PCV tangu alamu ya kwanza alipata kutoka bechi iliyofeli. Kwa kuwa kirekodi kinashika siku 30 na zile 14 za mwanzo zilikuwa safi, tulijua tarehe ya kuanzia. Tulihesabu watoto 23, wakiwemo watatu niliowaangalia mwenyewe wakichomwa asubuhi ya ziara. Saba kati yao walipata na IPV.

Mratibu wa mkoa alipopewa taarifa alielekeza dozi hizo zihesabiwe hazikutolewa na zirudiwe, kisha ratiba iendelee kwa nafasi ya wiki 4 kati ya dozi. Alituagiza pia tuulize kila mzazi kuhusu uvimbe au jipu mahali pa sindano, maana chanjo ya aina hii ikiganda, mbali na kupoteza nguvu, inaweza kuwasha zaidi sehemu ilipochomwa. Watoto wawili walikuwa na kinundu kigumu pajani, waliangaliwa na mganga, viliisha vyenyewe.

Tulichokubaliana

Kwenye kitabu niliandika mambo matano tu, kila moja na mtu na tarehe. Zamani ningeandika 18.

Friji inapangwa upya siku hiyohiyo na tumepanga pamoja kabla sijaondoka, penta, PCV, IPV na Td katikati na chini, vidole viwili kutoka ukuta wa nyuma, chupa za maji shelfu ya chini kabisa kutuliza joto. Nobu imewekewa alama ya rangi ya kucha mahali inapokaa kipindi cha baridi, na kila ikiguswa mtu anaandika tarehe na sababu kwenye chati. Mhusika mhudumu wa afya. Muuguzi anabonyeza kirekodi kila asubuhi kabla hajafungua chanjo yoyote na kuandika joto la chini kabisa la usiku, si la wakati ule tu. Wikiendi anasoma mhudumu kwa kuwa anaishi pale, na siku ambayo hakuna aliyesoma nafasi inaachwa wazi. Mganga mfawidhi anapeleka kwa kamati ya zahanati ombi la mtungi wa pili wa gesi kutoka fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, ndani ya mwezi mmoja, ili wasingoje moto ufifie ndipo watafute gesi.

Upande wetu wilaya tulijiandikia mawili: mimi kurudi baada ya siku 14, na mratibu kuhakikisha zahanati zote zenye kirekodi zinajua kukisoma.

Matokeo

Nilirudi siku ya 15. Usiku wa baridi kuliko wote kirekodi kilikuwa kimesoma nyuzi 2.4, hakuna alamu. Chati ilikuwa na Jumapili moja iliyoachwa wazi na niliifurahia nafasi ile tupu kuliko namba zote. Mtungi wa pili haukuwa umenunuliwa kwa sababu kamati haikukaa mwezi ule, ulinunuliwa mwezi wa 9. Mwezi wa 10 joto la mchana lilipopanda friji ilifika nyuzi 7.5, mhudumu akazungusha nobu kidogo, akaandika, akanipigia simu kuniambia.

Penta na PCV zilizofeli pamoja na IPV ziliondolewa kwa fomu na kuteketezwa kwa utaratibu wa wilaya.

Zahanati nyingine tatu zenye friji ya gesi tulizokagua baada ya hapo, moja ilikuwa na alamu za baridi ambazo hakuna aliyeziona.

Nilivyokiona kisa hiki baada ya kutulia

Rejesta na daftari la waliokosa tarehe ndivyo vilivyotuokoa. Bila namba za simu na majina ya vitongoji tungebaki na idadi ya watoto kwenye karatasi na hatuna wa kumrudishia dozi. Kusema ukweli kwa kina mama nako kulifanya kazi kuliko hofu ilivyotuambia, wengi walioitwa walikuja wenyewe siku ya pili.

Mpangilio wangu wa asubuhi ile ulikuwa mbaya. Nilitaka kuangalia huduma kwanza, na ni kweli unajifunza mengi hivyo, lakini watoto watatu walichomwa chanjo iliyoharibika huku mimi nimekaa mita mbili kutoka kwenye friji. Sasa nikifika siku ya kliniki naenda kwenye friji pamoja na muuguzi kabla sindano ya kwanza haijafunguliwa, dakika tano, halafu ndo nakaa pembeni.

Agizo la mwezi wa 4 lilifeli kwa namna tatu. Halikusema joto lirekebishwe mpaka wapi. Halikuonyesha kwa mikono nobu inavyogeuzwa na kusubiriwa hadi kesho yake kabla ya kuigusa tena. Na halikuwa na tarehe ya mtu kurudi kuangalia. Tena sisi wasimamizi tumezoea kuogopa joto peke yake, friji ikiwa nyuzi 10 tunapiga kelele, ikiwa nyuzi 1 tunasema "hii iko poa". Kwa penta ni afadhali mara nyingi ile ya 10 kwa siku moja kuliko usiku mmoja wa kuganda, maana ya joto utaiona kwenye kimraba.

Kitu kimoja sijakimaliza. Kati ya watoto 23, hadi wiki ya sita tuliwarudishia dozi 19. Wawili wazazi wao walihamia mashambani wilaya ya jirani, majina tumeyatuma kwa mwenzangu wa kule na mmoja amepatikana. Mwingine namba ya simu haipatikani. Wawili waliobaki wako kijijini, baba yao ni mmoja, mapacha, na amekataa wasirudiwe kwa sababu mmoja wao alikuwa kati ya wale wawili wenye kinundu. Mganga mfawidhi ameenda kwake mara mbili. Mara ya tatu tumepanga kwenda pamoja na yule mhudumu wa afya, kwa kuwa wanasali kanisa moja na mzee anamsikiliza.